Bango la Kikohozi

Kwa karibu miaka miwili, kila siku ya kazi niliianza kwa kumwamkia mwanamke niliyemwonea wivu. Yeye alikuwa mwalimu mstaafu, umri wa mama yangu mdogo, kwa hiyo sikuwa na pa kukwepea. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Nami najibu salama, huku moyoni hakuna salama yoyote.

Ofisi yetu ilikuwa Kambarage, mjini Shinyanga: vyumba vitatu, mashine moja kubwa ya kuchapa mabango, na uwanja mdogo wa changarawe ambako tulikuwa tukichomelea vyuma vya kusimamishia mabango ya barabarani. Nilifika hapo nikitokea redioni, ambako nilikuwa naandika matangazo ya maduka. Mwenye ofisi, ambaye sote tulimwita Bosi ingawa hakuwa na makuu, alinichukua kwa sababu ya maneno yangu. Mteja akija, Bosi alimkalisha, akaniita, na baada ya nusu saa mimi nilikuwa nimempa mteja sentensi ya kumfanya atabasamu. Duka la magodoro nililiandikia: "Mchana ni wa jasho, usiku ni wa godoro letu." Watu sokoni wakawa wanaitumia kama utani. Bosi hakuchoka kuwasimulia wageni kwamba aliyeitunga ni huyu hapa, dada yenu. Mimi nilijifanya naona haya, lakini siku ambayo hakusema, niliiona ndefu.

Nilikaa hivyo miaka tisa. Kisha shule moja ikatuagiza bango la sherehe, mimi nikalipitisha likiwa limeandikwa "Mahafari". Sisi wa huku tunajua ugonjwa wetu: tunaposema Kiswahili, r zetu nyingi zinageuka l, na tunapoandika tunajihami mpaka tunaweka r hata pasipotakiwa. Mkuu wa shule alilirudisha bango mwenyewe, amelikunja kwapani. Bosi hakunikaripia. Wiki iliyofuata alimleta Mwalimu.

"Ni wa kusahihisha herufi tu," aliniambia. "Asikuondolee raha."

Mwalimu alikuwa mfupi, mnene kidogo, anapenda kuvaa kofia ya kufuma hata kwenye jua. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku ya kwanza aliingia akitusalimia wote Kisukuma, "Mwangaluka," akaomba meza iliyo karibu na dirisha, akatoa kalamu nyekundu na kalamu ya risasi. Nilimwona hana madhara.

Ilimchukua siku nne kunionyesha kwamba nimekosea. Duka la pembejeo lilikuwa limeomba bango la kuweka mbele ya mlango, nami niliandika: "Mkulima mwerevu huanza msimu wake kwa kuchagua mbegu bora kutoka duka letu." Hakukuwa na kosa la herufi. Mwalimu aliisoma, akaisoma tena, kisha akachukua kalamu ya risasi na kupiga mistari taratibu, kama mtu anayepalilia. Yalibaki maneno manne: "Mbegu bora zipo hapa."

Bosi alicheka kwa furaha. Alikichukua kile kikaratasi akaenda nacho mpaka kwa mafundi wa kuchomelea. "Hebu ona hii! Neno 'hapa' ndilo linalofanya kazi yote!"

Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Nakumbuka nilisimama kwenye kivuli cha tangi la maji, simu imezimwa, sikioni, nikitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari ndefu.

Kuanzia hapo mambo madogo yakaanza kunila. Bosi, ambaye zamani akijimiminia chai ananimiminia na mimi, sasa alikuwa anaanzia dirishani. Nikimpelekea kazi iliyokamilika ananiuliza, "Mwalimu ameiona?" Wateja walizoea kumtafuta. Mama mmoja wa saluni alikuja akanipita mezani kwangu bila hata kunisalimia, akauliza, "Yule bibi wa kukata maneno yuko wapi?" Nilimwonyesha kwa kidole. Kibaya zaidi ni kwamba Mwalimu hakuwa na majivuno. Angekuwa na majivuno ningemchukia kwa amani. Alikuwa anakata maneno yangu kisha ananigawia karanga.

Ndipo akaja Sista.

Alitoka kwenye kituo cha afya cha watawa, upande wa Ushirombo, kilichoingia ndani kidogo kutoka barabara kuu. Barabara ile haina usingizi. Malori yanayokwenda nchi jirani yanapita hapo, mabasi ya Geita yanapita hapo, na wachimbaji wadogo wanaohama kutoka shimo moja hadi jingine wanapita hapo kwa pikipiki na vigari vya kubebea mizigo. Kituo kilikuwa kinapima kifua kikuu bila malipo, lakini wagonjwa walikuwa wanafika wamechelewa, wengine wamebebwa.

"Wachimbaji wanasema ni vumbi tu, madereva wanasema ni kiyoyozi," Sista alituambia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, muuguzi kwa kazi yake. "Mimi nataka mtu aliyekohoa wiki mbili ajue ni wakati wa kupima, na ajue ni sisi tulio karibu. Basi."

Alikuwa amekodi sehemu ya bango, mita sita kwa tatu, upande wa kushoto kwa anayetoka Kahama, kilomita moja kabla ya njia panda ya kituo. Alituachia karatasi yenye aya nzima: dalili, saa za kazi, shukrani kwa wafadhili, na sala fupi.

Kazi hii niliitaka. Niliitaka peke yangu. Nilikwenda nayo nyumbani, nikaishi nayo Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu nikaja na sentensi ambayo mpaka leo nikiisema peke yangu naiona nzuri: "Usiruhusu vumbi la mgodi likunyime pumzi ya kesho." Pembeni niliweka picha ya mchimbaji mwenye kofia ngumu, ametazama mbali, jua linachomoza mgongoni mwake.

Bosi aliisoma kwa sauti, polepole. "Dada," alisema, "hii inaingia moyoni." Nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa chumba chake. Kisha akageuka dirishani. "Mwalimu?"

Mwalimu hakusema nzuri wala mbaya. Aliomba karatasi ya manila. Aliandika sentensi yangu kwa kalamu nene, herufi safi za ubaoni, akatoka nayo mpaka getini, ambako waendesha bodaboda watatu walikuwa wanasubiri abiria. Nilimfuata kwa sababu nisingeweza kukaa ndani. Alisimama mbali nao, akawaambia watazame, akainua manila, akahesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, akaificha mgongoni.

"Imesema nini?"

"Mgodi," alisema wa kwanza.

"Vumbi la mgodi," alisema wa pili. "Ruhusa ya mgodi. Kuna mgodi mpya?"

Wa tatu alicheka tu.

Tuliporudi ndani Mwalimu aliniketisha kama mwanafunzi. "Mwanangu, mtoto wa darasa la kwanza hasomi neno zima. Anakamata kipande anachokijua, kinachobaki anabahatisha. Dereva naye ni hivyo hivyo, maana macho yake yana kazi nyingine. Neno lako la kwanza ni 'usiruhusu'. Hiyo 'si' ya kukataza ni ndogo, imebanwa katikati. Mtu anakamata 'ruhusu'. Umekataza, yeye amesoma ruhusa."

"Ni maneno manane tu, Mwalimu," nilisema. "Wenzetu wa matangazo wanasema yasizidi saba. Nimezidisha moja."

"Usihesabu maneno. Maneno yetu ni marefu, neno moja linabeba sentensi nzima. Hesabu mara ngapi mdomo unafunguka." Akahesabu kwa vidole vyake, u-si-ru-hu-su, mpaka vidole vya mikono yote miwili vikaisha na sentensi yangu haijafika nusu.

Bosi, ambaye alipenda hesabu, akaongeza kwamba gari la mwendo wa themanini linakula mita ishirini na mbili kwa sekunde moja. Sekunde tano ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. "Na picha imechukua nusu ya bango," alisema, tayari akiwa upande wa pili. "Herufi zitakuwa ndogo."

Mwalimu aliandika kwenye kipande cha karatasi: "Kikohozi wiki mbili? Pima bure." Chini yake alichora mshale. Hakukuwa na picha.

"Hilo ni la kubandika mlangoni mwa zahanati," nilisema. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. "Halina hata uzuri."

"Ni kweli, halina uzuri," alikubali. "Mpelekee Sista yote mawili, achague mwenyewe."

Siku iliyofuata Mwalimu alipata habari kwamba binti yake anayeishi Mwadui amejifungua kwa upasuaji, akaondoka kwa wiki mbili. Bosi akanituma Ushirombo peke yangu na bahasha yenye nakala mbili zilizochapwa, moja ya bango langu, moja ya lake.

Basi lilipovuka Kahama niliifungua bahasha. Nilitazama karatasi ya Mwalimu kwa muda mrefu. Sikuwa najidanganya kwamba lake ni baya. Nililisoma mara moja tu na lilikuwa limekaa kichwani bila kuombwa, wakati langu ilinibidi nilikumbuke. Hilo ndilo lililoniuma. Nilijua Sista akiyaweka mawili mezani atachagua lipi, na nilijua Bosi atasimulia nini kwa wageni. Niliikunja karatasi ile mara nne nikaitia ndani ya pochi, chini ya kitambaa.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilimwambia Sista mlangoni.

"Milele amina. Karibu, tulikuwa tunakusubiri."

Nilimpa nakala yangu. Aliishika kwa mikono miwili, ameketi, kivulini, feni inazunguka juu yake. Aliisoma bila haraka. Macho yake yalilegea. "Pumzi ya kesho," alisema. "Ni maneno mazuri sana haya." Akaniuliza kama kuna jingine la kulinganisha.

"Hili ndilo," nilisema.

Akatia sahihi.

Bango lilisimamishwa mwezi ule ule. Mwalimu aliporudi aliuliza Sista alichagua lipi, nikamwambia langu. Alisema, "Haya, Mungu alibariki," akaendelea kuchambua karanga zake. Nilisubiri nione uso wake ukibadilika, sikuona kitu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha isiyokaa chini. Nilikuwa nikimtazama Mwalimu ameinamia karatasi na kusema moyoni, yangu iko barabarani, kubwa kuliko nyumba yako. Halafu papo hapo nikawa nahisi kile kitambaa ndani ya pochi.

Simu ya Sista ilikuja baada ya miezi miwili. Bosi aliiweka wazi tusikie sote.

"Naomba mnisaidie," Sista alisema. "Tangu bango liwekwe wamefika watu tisa waliolitaja. Vijana saba walikuja kuuliza nafasi za kazi kwenye mgodi mpya. Mmoja alikuwa amebeba na sururu. Wawili walitaka kununua barakoa za vumbi. Hakuna aliyekuja kupima kwa sababu ya bango."

Bosi aliguna. Mimi niliinamia meza yangu.

"Na jana," Sista aliendelea, "ameletwa dereva wa lori. Amekonda, anakohoa damu. Nimemuuliza anapita njia hii mara ngapi. Kila wiki, amesema, kwenda na kurudi. Nikamuuliza, bango letu hukuliona? Akasema ameliona, lile la kampuni ya dhahabu."

Nje fundi alikuwa anasaga chuma, na mlio ule ulichukua muda mrefu kuisha.

"Yuko hai?" niliuliza.

"Yuko hai. Tumemwanzishia dawa. Lakini miezi miwili hiyo ilipaswa kuwa ya dawa, siyo ya ugonjwa."

Keshokutwa yake tukaenda, Bosi, Mwalimu na mimi, kwa pikapu ya ofisi. Mwalimu aliketi mbele pembeni ya Bosi, nami nyuma yao. Tulipokaribia, Mwalimu alifunika macho kwa kiganja. "Nenda mwendo wako wa kawaida," alimwambia Bosi. "Tukifika pale wanapoanza kuliona vizuri, uniambie."

"Sasa."

Akafungua macho. Niliona bango langu likija, mchimbaji wangu na jua lake. Mwenyewe niliyeitunga sentensi nilijaribu kuisoma kama mgeni. Lori lilikuwa linakuja mbele yetu, mbuzi wawili pembeni ya lami, Bosi akapiga honi, na bango likatupita.

"Nimeona kofia," alisema Mwalimu. "Na neno mgodi."

Bosi aligeuza gari, tukarudia. Mara ya pili akapata "vumbi". Mara ya tatu Bosi mwenyewe alikiri kwamba miaka yote hii anayasoma mabango yetu kwenye kompyuta, hajawahi kuyasoma akiwa kwenye usukani. Kisha akauliza swali nililokuwa nalisubiri tangu Kambarage. "Lakini Mwalimu, si uliandika jingine? Sista alilikataa kwa nini?"

Mwalimu alikuwa anatazama mbele. Sikuuona uso wake, niliona kofia yake ya kufuma tu.

"Labda sikuliandika vizuri," alisema.

Sijui kama naweza kueleza jinsi neno lile lilivyonichoma. Angenishitaki ningejitetea. Alinifunika kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Niligundua kwamba hata katika hili amenishinda, na wivu wangu, badala ya kupoa, ukapanda. Ndiyo, hata pale. Dereva wa watu amelazwa, nami nikaona wivu kwa sababu mwenzangu ana roho nzuri kuliko yangu.

Tuliingia kwa Sista. Baada ya salamu, kabla chai haijamiminwa, nilisema. Sikuwa nimepanga. "Sista, siku ile uliniuliza kama kuna jingine. Lilikuwepo. La Mwalimu. Nililificha."

Nilitoa karatasi kwenye pochi. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Nikaifungua mezani, kila mtu akaisoma, na kuisoma hakukuchukua muda wowote.

Bosi alinitazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Sista alikunja midomo, akasogeza kikombe chake pembeni. Aliyezungumza ni Mwalimu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Ulipaswa kurudi na nakala moja ambayo haikuchaguliwa. Hukurudi nayo." Akavuta kiti. "Tutaongea hilo tukiwa nyumbani. Sasa tukae na bango, maana hata hili langu lina matatizo."

Na kweli alilishughulikia la kwake bila huruma. Alimuuliza Sista kama neno "bure" halitamfanya mtu adhani anapima bila faida yoyote. Sista akasema hapana, huku kwetu kila mtu akiona "bure" hospitalini anajua ni bila malipo, na hakuna neno fupi kuliko hilo. Bosi aliuliza kwa nini tusitaje ugonjwa wenyewe. Sista akakataa kata kata. "Ukiandika kifua kikuu, mtu ataona aibu kukata kona mbele ya wenzake. Kikohozi hakina aibu. Akishafika ndani tutaongea."

Mimi nilikaa kimya mpaka Mwalimu aliponigeukia. "Wewe unaonaje? Usikae kama mgeni."

Nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba "wiki mbili" tuiandike kwa tarakimu, wiki 2, kwa sababu tarakimu jicho linaikamata kabla ya herufi. Nikasema pia kwamba mstari usikatwe vibaya: "Kikohozi wiki 2?" ikae pamoja juu, "Pima bure" ikae peke yake chini, maana ukimwachia mtu "2? Pima" kwenye mstari mmoja anapotea. Na mshale hautoshi. Dereva wa lori lenye mzigo hawezi kusimama ghafla, anahitaji kuambiwa mapema ni upande gani na bado umbali gani. "Kushoto, km 1."

Mwalimu aliandika yote. "Ona sasa," alisema, kana kwamba hakuna lililotokea kati yetu.

Picha tuliitoa. Rangi tukachagua herufi nyeusi juu ya njano, ambazo hata vumbi la kiangazi haliziui haraka. Bila picha, herufi za mstari wa juu zilifika karibu nusu mita. Bosi alikataa kabisa shukrani za wafadhili kuwekwa, wakaandikiwa kibao kidogo ukutani kituoni. Kabla ya kulichapa tulilijaribu: tulitandika karatasi kubwa ubavuni mwa pikapu, tukaiegesha mbali kwenye uwanja wa mnada, na wafugaji waliokuwa wanapita tukawaonyesha kwa hesabu ya tano. Mzee mmoja ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu alisoma, akageuka, akauliza kwa Kisukuma kama na mkewe anaweza kuja, amekohoa tangu mavuno.

Kuhusu mazungumzo yetu ya nyumbani, yalikuwa mafupi. Tuliporudi Kambarage Mwalimu alinifuata kwenye tangi la maji. Alisema, "Mwanangu, mimi nilikuja kwenye ofisi hii nikakukuta. Hilo nilipaswa kulikumbuka zaidi. Lakini wewe ulimnyima Sista wa watu nafasi ya kuchagua." Nikasema najua. Nikamwomba radhi. Akasema amesamehe, na nilimwamini. Bosi alichukua muda zaidi. Kwa miezi kadhaa kila nilipotoka na bahasha alizihesabu karatasi zake, nami nilisimama nikingoja amalize.

Bango jipya lilifanya kazi. Sista alitupigia mara kwa mara: amekuja kondakta, wamekuja wachimbaji wanne kwa pikipiki mbili, amekuja mchuuzi wa mahindi. Yule dereva alimaliza dawa zake za miezi sita akarudi barabarani. Watu wa mabango mengine wakaanza kutuiga, kiulizo juu na jibu chini. Bosi akarudia tabia yake ya kusimulia wageni: "Aliyetunga lile la kikohozi ni Mwalimu wetu, yule pale dirishani." Mwalimu kila mara alisema, "Tulikuwa wawili." Bosi kila mara hakumsikia. Nami, pamoja na yote niliyoyafanya na kuyatubu, nilikuwa nasikia ule wivu ukinyanyuka tena. Nilijifunza kutoupa bahasha yoyote uishike. Zaidi ya hapo sikuweza.

Alipostaafu mara ya pili alihamia Mwadui kwa binti yake. Macho yalikuwa yameanza ukungu. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, nikaenda kumwona. Nilimkuta amekaa barazani na mjukuu mapajani, kofia ile ile ya kufuma kichwani, kipande cha bandeji juu ya jicho. Tuliongea habari za ofisi, ndoa za watu, bei ya mchele. Kisha akauliza, "Unaandika nini siku hizi?"

Nilikuwa na karatasi ya bango la kivuko cha mifugo, kazi ya halmashauri. Nilimpa. Aliishika mbali, mkono umenyooka, akaigeuza kidogo kutafuta mwanga. Alikaa nayo.

"Ni nzuri," alisema. Akanirudishia.

Nilingoja. Hakuomba kalamu. Aliendelea kumbembeleza mtoto, na mimi nikaanza kumtazama kwa wasiwasi, nikijiuliza kama amenihurumia, kama jicho halijaona, au kama kweli hakuna cha kukata. Nilikunywa uji wake, nikamuaga.

Kwenye gari la kurudi mjini niliitoa ile karatasi. Tulikuwa tunapita kwenye mashamba ya pamba, dereva anakimbia. Niliinyoosha mbele yangu, nikahesabu tano, nikaifunika. Kisha nikaomba kalamu kwa abiria wa jirani, nikakata maneno mawili.